"Mimi nimetoa"

Saa tatu kasoro dakika moja usiku, karata zikasimama.

Tulikuwa barazani Wete baada ya sala ya Isha, na mchezo ulikuwa umenoga. Ghafla kila mmoja akatoa simu mfukoni. Mzee mmoja akavaa miwani. "Signali," binamu yangu Khamis akaninong'oneza, kama vile mtu anayemweleza mgeni kwamba imamu ameshapanda mimbari.

Kiongozi wa timu yao alikuwa ametuma msimbo kwenye kundi la Telegram. Wakaunakili, wakaubandika kwenye aplikesheni ya kununua na kuuza sarafu mtandao, wakabonyeza kitufe cha kijani, wakangoja sekunde 60. Kisha ikasikika "alhamdulillahi" kutoka pembe zote za baraza. Kila mtu alikuwa amepata asilimia moja ya fedha zake. Signali nyengine ilishakuja saa nane mchana, nayo asilimia moja. Mbili kwa siku, siku saba kwa wiki.

Nilimuuliza Khamis swali moja tu: umejuaje kama biashara hii ni ya kweli?

"Mimi nimetoa," alinijibu, akanionesha ujumbe wa pesa kuingia kwenye simu yake.

Jibu hilo limenikaa kichwani wiki kadhaa. Kazi yangu ni hesabu za watu, nimezoea kuulizwa risiti, na Khamis alinipa risiti. Hakunipa maneno ya kwenye tangazo wala picha ya mzungu aliyesimama mbele ya gari. Alitoa fedha halali za Kitanzania, akanunua mabati ya kuezekea jiko la mama yake, na mabati yapo, nimeyaona. Utamwambia nini mtu wa namna hiyo?

## Msimu ulipokwisha

Habari za Masterlife hapa kwetu kila mtu anazijua, na DECI ya Bara ya mwaka 2009, ile ya "kupanda mbegu", wakubwa bado wanaikumbuka. Zote zilikusanya fedha za watu kwa ahadi ya kuzizalisha. Sitazirudia. Ninachotaka kusema ni kwamba barazani pale hakukuwa na mjinga. Wote wanazijua hadithi hizo kuliko mimi, na wengine ziliwapitia mwilini. Wanachoamini ni kwamba hii ni kitu chengine, kwa sababu hapa hakuna anayekwambia "nipe nikuzalishie". Hapa wewe mwenyewe ndiye unayebonyeza. Kuna chati inayopanda na kushuka, kuna bei ya Bitcoin, kuna historia ya mauzo yako yote. Unajihisi mfanyabiashara.

Na ilikuja kwa wakati wake. Karafuu zilikuwa zimeshauzwa ZSTC, madeni ya msimu yamelipwa, kilichobaki kinatafuta pa kwenda. Aliyeileta si mgeni. Ni shemegi yake Khamis, kijana mwenye adabu, anayekuja na suti kwenye harusi na kuchangia.

Kundi lao lina ngazi. Ukiweka dola 100 uko VIP1. Ukiongeza na ukaingiza watu watatu unapanda VIP2, unapata signali ya ziada. Na kwa kila unayemwingiza unakatiwa asilimia ya alichoweka, siku hiyohiyo, bila kungoja afanye biashara yoyote. Hiyo ya mwisho ndiyo ningeitazama kwanza. Broka wa kweli anaweza kukulipa kwa kumleta mteja, lakini anakulipa kutoka kwenye ada anazotozwa mteja huyo akifanya biashara. Ukilipwa kutoka kwenye mtaji wake, siku aliyoweka, basi mtaji wake umeshapungua kabla hajabonyeza kitu, na kwenye skrini yake bado panasomeka 100 kamili.

## Kutoa kunathibitisha nini?

Bernard Madoff, Mmarekani aliyepokea fedha za watu eti awawekezee, aliwalipa watu wake kwa miaka mingi. Hakuwa mtu wa kichochoroni. Alikuwa na ofisi New York na aliwahi kuwa mwenyekiti wa soko la NASDAQ. Wateja wake walipata karibu asilimia moja kwa mwezi, na aliyetaka fedha zake alipewa. Taarifa walizotumiwa zilikuwa na majina ya hisa, tarehe na bei za kweli za siku hizo. Isipokuwa hisa zenyewe hazikununuliwa. Ofisi yake ilikuwa inatazama bei zilizokwishapita, inachagua zinazofaa, inachapa karatasi.

Mwaka 2008 masoko yalipoanguka, wateja waliomba kutoa kiasi cha dola bilioni 7. Hakuwa nazo. Karatasi zilikuwa zinasema wateja wana kama bilioni 65.

Kila mmoja wa wale waliotoa mwaka 1998, au 2003, angeweza kusema maneno ya Khamis, na angekuwa mkweli. Kutoa kunathibitisha kwamba siku ile kulikuwa na fedha kwenye kapu. Hakusemi zimetoka wapi.

Na hii ya Wete haitoi asilimia moja kwa mwezi. Inatoa mbili kwa siku.

Nilikaa na Khamis tukapiga hesabu kwa kikokotoo cha simu yake. Dola 100 ukiiacha ikue asilimia 2 kila siku, baada ya siku 30 ni 181. Hapo alitabasamu, maana ndivyo walivyomwambia. Tukaendelea mpaka siku ya 365. Inafika zaidi ya dola 137,000. Akadhani nimekosea kubonyeza, akarudia mwenyewe.

"Basi si watu hawaachi mwaka mzima," akasema. "Tunatoa."

Sawa. Tufanye wanatoa.

Tuseme kuna watu 1,000, kila mmoja kaweka dola 100, na mtaji ule wa mwanzo mwenye aplikesheni ameshauchukua. Kila mtu anatoa dola zake 2 kwa siku. Zinahitajika dola 2,000 kila siku, yaani wageni 20 wenye 100 zao. Kesho watu ni 1,020, wanahitajika wageni zaidi kidogo. Kesho kutwa tena zaidi. Idadi ya wanachama inapaswa kukua asilimia 2 kila siku, na kitu kinachokua hivyo huwa maradufu kila baada ya siku 35. Kwa sensa ya 2022, Zanzibar yote ina watu 1,889,773. Kutoka watu 1,000 mpaka kummaliza kila Mzanzibari, pamoja na aliyezaliwa jana Mnazi Mmoja, ni mwaka mmoja na wiki mbili tu.

Hapo hatujakata kamisheni za viongozi, na mwenye aplikesheni hajachukua tena hata senti.

Basi kwa nini zinadumu? Kwa sababu wengi hawatoi. Wanaiacha ikue, wapande VIP. Tarakimu kwenye skrini haimgharimu mwenye aplikesheni chochote, kwa hiyo anaweza kukuongezea nyingi apendavyo, almuradi usiziombe. Ndiyo maana kundi zima limejaa maneno ya kuhimiza "kukuza", na anayetoa sana anaambiwa hana maono.

## Mshumaa mwekundu

Lakini hesabu haikumshitua Khamis kama nilivyotegemea. Alisema wana kompyuta, zinajua soko, na mimi sijui soko. Hilo la mwisho ni kweli kidogo. Basi nikamwambia, tulitazame soko lenyewe.

Jambo hili linawezekana kwa yeyote mwenye simu mbili, na linanishangaza kwamba watu hawalifanyi.

Signali ya usiku ule ilikuwa BTC/USDT, yaani bei ya Bitcoin kwa USDT, sarafu mtandao inayofuata dola; sekunde 60, "juu". Simu ya Khamis ilionesha bei ikipanda kwa dakika ile, faida ikaingia. Kwenye simu yangu nilikuwa nimefungua TradingView, tovuti ya chati za bei, kwenye chati ya BTCUSDT ya Binance, soko kubwa la sarafu mtandao. Niliweka mishumaa ya dakika moja: kila mshumaa ni mwendo wa bei wa dakika moja, mwekundu ukiwa imeshuka. Kuna jambo dogo linaloharibu jaribio hili: chati hiyo inaweza kuwa kwenye saa za nchi nyengine. Chini yake pana mahali pa kuchagua ukanda wa saa. Weka UTC+3, ndiyo saa yetu, la sivyo utalinganisha dakika mbili tofauti na utamsingizia mtu.

Saa 21:01 kwenye chati yangu mshumaa ulikuwa mwekundu. Bei ilishuka, na ilishuka vizuri tu.

Khamis akanyamaza, kisha akasema huenda wao wana soko lao.

Hoja hiyo si ya kipuuzi. Bei ya Bitcoin haifanani senti kwa senti kila mahali. Lakini kuna watu na mashine kazi yao ni hiyo tu, kununua inapouzwa rahisi na kuuza inapouzwa ghali, kwa hiyo tofauti baina ya masoko makubwa hufutika upesi. Dakika ambayo bei imetikisika kidogo tu, soko moja linaweza kufunga juu kidogo na jengine chini kidogo, na dakika hiyo usiihesabu. Tafuta dakika iliyosogea sana. Soko moja haliwezi kuporomoka na jengine likapaa kwa bidhaa hiyohiyo, dakika hiyohiyo.

Tulirudia siku nyengine. Mara nyengine zililingana, na lazima zilingane mara nyingi, kwa sababu bei ina njia mbili tu za kwenda. Kilichonivutia zaidi ni kwamba mchana kutwa chati ya aplikesheni yao ilikuwa inafuata ya Binance hatua kwa hatua. Bei za Binance ziko wazi, programu yoyote inaweza kuzichukua bure. Chati ile ilikuwa inaiacha njia dakika moja tu, ile ya signali, na mara ile tu ambapo soko lilikataa kwenda kule walikosema.

Hapo ndipo nilipomuona Khamis akibadilika uso.

Nikamuuliza swali la pili. Biashara ya sekunde 60, ya juu au chini, faida yako ni hasara ya aliyekaa upande wa pili. Usiku ule maelfu ya watu mmebonyeza "juu" kwa sekunde ileile, na nyote mmepata. Nani alibonyeza "chini"? Nani huyo anayekubali kupoteza kila siku saa nane mchana na saa tatu usiku, hachoki, hakimbii?

Hakujibu. Alisema atamuuliza shemegi yake. Shemegi akajibu kwa sauti ya WhatsApp ya dakika nne, ambayo ndani yake swali lenyewe halimo.

## Vyeti vitatu

Alichotuma shemegi baada ya hapo ni vyeti. Vilikuwa vitatu, vyote vina mihuri mizuri.

Cha kwanza kilikuwa cha kampuni iliyosajiliwa jimbo la Colorado, Marekani. Ni cha kweli, nilikitafuta kwenye tovuti ya serikali ya jimbo hilo nikakiona. Tatizo ni kwamba kusajili kampuni Colorado ni kazi ya kujaza fomu mtandaoni na kulipa dola 50, na hakuna anayekuja kuangalia unafanya nini.

Cha pili kiliandikwa FinCEN, MSB. FinCEN ni idara ya Wizara ya Fedha ya Marekani inayofuatilia fedha haramu, na wanaohamisha fedha, ndio hao MSB, wanatakiwa wajiandikishe kwake. Kujiandikisha, basi. FinCEN wenyewe wameandika kwenye ukurasa wao wa kutafutia majina kwamba kuonekana humo si pendekezo, si uthibitisho wa uhalali wala si kuungwa mkono na serikali yoyote. Kwenye magrupu yetu cheti hiki kinaitwa "leseni ya Marekani".

Cha tatu kilikuwa cha nyumbani, jina la biashara lililosajiliwa kwa ajili ya ofisi yao ya mjini. Hapa watu wengi huchanganya. Wasajili wa biashara, BPRA kwa Zanzibar au BRELA kwa Bara, wanakwambia kampuni hii ipo, wenyewe ni fulani, imezaliwa tarehe fulani. Cheti cha kuzaliwa si leseni ya udereva. Anayechukua fedha za watu kuziwekeza anahitaji ruhusa ya kazi hiyo, na ruhusa hiyo inatoka kwa msimamizi wa kazi hiyo: Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, kwa mambo ya dhamana na uwekezaji, au Benki Kuu kwa mambo ya amana na fedha za kigeni.

Namna ya kuangalia ni rahisi ukishika jambo moja: usianzie kwenye linki waliyokupa. Fungua mwenyewe tovuti ya msimamizi, cmsa.go.tz au bot.go.tz, utafute orodha ya wenye leseni. Wakisema wanasimamiwa Uingereza, nenda mwenyewe register.fca.org.uk. Na ukilikuta jina usifurahi bado. Tazama anwani ya tovuti na namba ya simu iliyoandikwa kwenye daftari la msimamizi, ulinganishe na ile unayoitumia wewe. Kuazima jina la kampuni halali ni mtindo wa siku nyingi. Aplikesheni ya CBEX, iliyokula fedha za watu Nigeria na Kenya hadi Aprili 2025, ilikuwa imebeba herufi za soko la kweli la Beijing, China Beijing Equity Exchange, ambalo halikuhusika nayo.

Jengine la dakika mbili ni umri wa tovuti. Ingia lookup.icann.org, andika jina la tovuti yao, utafute mstari huu:

```
Created:
```

Kampuni ya shemegi inasema ilianza 2017. Tovuti yao ilikuwa na miezi minne. Umri mkubwa haumtakasi mtu, tovuti za zamani zinauzwa na kununuliwa, lakini mtoto wa miezi minne anayejidai mtu mzima ameshakujibu swali lako.

Nilijaribu pia kufuata fedha zenyewe. Anwani ya kuwekea aliyopewa Khamis inaanza na herufi T, maana ni USDT ya mtandao wa Tron, na kila muamala wake unaonekana tronscan.org bila ya kuomba ruhusa kwa mtu. Fedha zake ziliingia, zikachukuliwa muda si mrefu kwenda kwenye anwani moja kubwa inayopokea kutoka kwa wengi. Na zile alizotoa, za mabati, zilitoka kwenye anwani hiyohiyo. Nilitaka sana kumwambia "unaona?", lakini hilo peke yake si ushahidi. Masoko halali ya sarafu mtandao nayo hukusanya fedha za wateja pamoja na kulipa kutoka humo. Mtandao unakuonesha fedha zimekwenda wapi, haukuoneshi kwa nini. Tofauti moja niliyoiona ni kwamba anwani za masoko yanayojulikana Tronscan huzitia majina, na hii haikuwa na jina.

## "Si riba, ni biashara"

Kuna hoja moja inayotumika kwetu zaidi kuliko pengine, nayo ndiyo iliyomwingiza shangazi yangu, mama yake Khamis. Bi mkubwa huyu hajawahi kupokea riba ya benki maishani. Aliambiwa hii si riba, ni mudharaba: wewe unatoa mtaji, wao wanatoa kazi, faida mnagawana.

Mudharaba ninaoujua mimi, na shangazi anaujua zaidi, una masharti. Mnakubaliana mafungu ya faida, nusu kwa nusu au thuluthi, lakini faida yenyewe haijulikani mpaka ipatikane. Ikitokea hasara bila uzembe wa mwenye kazi, mtaji unaopungua ni wako. Ukimwahidi mtu asilimia 2 ya mtaji wake, kila siku, iwe mvua iwe jua, umeshatoka kwenye mudharaba. Hilo halihitaji chati wala Tronscan. Nilimuuliza shangazi: hawa wameshawahi kukwambia leo tumekula hasara?

"Hata siku moja," akasema. Halafu akakaa kimya kidogo, akaniuliza kitu ambacho mimi sikuwa nimekifikiria.

"Sasa haya mabati ya nani?"

## Ya nani

Ikiwa hakuna biashara, fedha alizotoa Khamis ni za mtu aliyeingia baada yake. Na kisiwa hiki ni kidogo. Waliokuwa chini ya Khamis ni watano: jirani, mwalimu wa skuli, vijana wawili wa bandarini, na mke wa rafiki yake. Kamisheni zake zilitoka moja kwa moja kwenye mitaji yao.

Kwa Madoff swali hili lilifika mahakamani. Msimamizi wa mali aliyeteuliwa baada ya kuanguka kwake aliwafuata waliotoa zaidi ya walichoweka, akawadai ile ziada, akisema si faida bali ni fedha za wateja wengine. Wengi walirudisha. Walikuwa hawajui kitu, na walitakiwa kurudisha vilevile.

Barazani nilisikia jambo jengine lililonichosha zaidi. Mmoja wao, mtu wa makamo ninayemheshimu, aliniambia pembeni kwamba yeye anajua ni upatu. Anajua tangu mwanzo. Mpango wake ni kutoka mapema. Nikamuuliza mapema ni lini. Akasema akisharudisha mtaji, na ili aurudishe haraka anahitaji watu watatu zaidi.

Kwa wiki kadhaa nilijiuliza niseme au ninyamaze. Mtu kama yule hana haja ya chati yangu. Na nikisema kwa sauti, wageni wakaacha kuingia, walioingia mwisho ndio watakaokwama, na watasema mimi ndiye niliyewaharibia. Kuna ukweli humo: kitu kile kinaishi kwa wageni, kikikosa wageni kinakufa. Lakini kila siku kinayoongeza, wa mwisho wanazidi kuwa wengi. Siku nilipozipanga hesabu hizo mbili pamoja nilianza kusema, kwanza nyumbani, kisha barazani. Wawili walitoa kila kitu wiki ile. Mmoja aliacha kunisalimu.

## Kodi ya uhakiki

Haikuchukua muda. Asubuhi moja kitufe cha kutoa kikawa cha kijivu. Kundi likatangaziwa kwamba kuna "uhakiki wa akaunti", na kila mwenye zaidi ya dola 500 anatakiwa aweke 100 mpya ili afunguliwe. CBEX walifanya vivyohivyo: akaunti ziliposomeka sifuri, watu waliambiwa walipe dola 100 kwa waliokuwa chini ya 1,000, na 200 kwa waliokuwa juu yake.

Khamis alikuwa na 640 kwenye skrini. Alinipigia simu, fedha ya kukopa ameshaipata, anataka kujua aweke au asiweke.

Nikamwambia awaandikie sentensi moja: kateni hiyo 100 humohumo kwenye 640 zangu.

Jibu lilikuja kwa haraka. Mfumo hauruhusu.

Hakuweka. Siku ya pili akafuatwa na mtu asiyemjua, anayejiita mtaalamu wa kurejesha fedha zilizopotea mtandaoni, ada kidogo tu ya kuanzia. Hao huja baada ya kila mazishi ya namna hii, na orodha ya majina huwa ni ileile.

Nilimshauri asifute kitu. Ajitoe kwenye mazungumzo, sawa, lakini kwanza apige skrinishoti za kundi, namba za viongozi, anwani ile ya T na kitambulisho cha kila muamala, zile herufi na tarakimu ndefu Tronscan inazoziita `Hash`. Tether, wenye USDT, wanaweza kuzifungia fedha kwenye anwani wakiombwa na vyombo vya sheria, na masoko makubwa nayo hufungia akaunti. Hilo linasaidia tu fedha zikiwa bado zipo pale, ndiyo maana siku ya kwanza ina thamani kuliko ya kumi. Sikumwahidi kwamba atapata kitu.

Polisi walimpa karatasi aandike maelezo. Aliandika tarehe, kiasi, anwani. Wakamuuliza nani alikuingiza, akaandika jina la shemegi yake. Kisha wakamuuliza wewe umemwingiza nani.

Aliandika yote matano.